Alama mbili kati ya tano: kupinga sasa au kusubiri?

"Wamenipa alama 2 kati ya 5 kwenye tathmini na wanataka nisaini. Naweza kuipinga sasa, au nisubiri mpaka waniite kwenye nidhamu?" Anauliza msimamizi wa sehemu ya kumenya korosho, kiwandani Mtwara.

Pinga sasa, kwa maandishi, ila humo humo kiwandani. Wanaoshauri kusubiri wana hoja: alama si adhabu, na kumpima mfanyakazi ni kazi ya mwajiri. Ukikimbilia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi wakati hujaonywa wala kukatwa chochote, huenda ukaambiwa hakuna mgogoro bado.

Lakini fomu uliyosaini kimya haikai kabatini bure. Miezi kadhaa baadaye itatolewa kama ushahidi kwamba ulijua udhaifu wako na ukaukubali. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi.

Kwa hiyo saini, na kando ya saini andika: "Nimepokea, sikubaliani. Maelezo yangu yameambatanishwa." Weka tarehe, kisha baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Maelezo yenyewe yajibu kosa ulilotajiwa, si tabia ya bosi. Tuseme umeshushwa alama kwa sababu vipande vimezidi korosho nzima. Korosho isiyokaushwa vizuri kwenye tanuri haiachii ganda lake la ndani. Anayemenya hulazimika kuikwangua, nayo inavunjika. Ikikauka kupita kiasi pia hupasuka kirahisi. Kama tanuri haliko chini yako, chukua daftari lake, linganisha siku za vipande vingi na saa ambazo trei zilikaa ndani, na uoneshe siku ambazo wamenyaji walewale walitoa korosho nzima za kutosha. Kama siku hazilingani, hoja hiyo iache. Labda alama ni ya haki.

Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinauliza mambo hayo hayo: kiwango kilikuwa cha haki? Ulikijua? Kwa nini hukukifikia? Ulipewa maelekezo na muda wa kutosha kujirekebisha? Utendaji duni si utovu wa nidhamu, na mwajiri akikupeleka moja kwa moja kwenye kikao cha nidhamu kwa sababu ya alama tu, amechanganya njia mbili. Ukiachishwa, yeye ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kuwa alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu. Kinga hiyo haimfikii aliyefanya kazi chini ya miezi 6.

Kusubiri kuna hatari nyingine. Alama ikitumika kukushusha cheo, siku 60 za kupeleka mgogoro Tume zinaanza kuhesabiwa. Ukiachishwa kazi ni 30 tu. Kumwandikia meneja barua za kubembeleza hakusimamishi hesabu hiyo.