Mtoto Akiikimbia Picha Yake

"Mtoto wetu ana miezi miwili na safari ya Maskati ni mwakani. Tumkatie pasipoti sasa tumalize, au tungoje?"

Ngojeni, ila cheti cha kuzaliwa kisingoje. Cheti hakina sura, kwa hivyo hakichakai; kikitoka mapema kitafaa miaka yote. Pasipoti ina sura, na sura ya miezi miwili ni ya kupita. Lakini jibu hili ni jepesi kwa anayeishi karibu na ofisi ya uhamiaji. Kwa mtu wa Faza au Siyu, anayevuka bahari hadi Mokowe kisha akapanda basi la Witu, Garsen na Malindi mpaka Mombasa, kumaliza jambo kwa safari moja si uvivu. Ndiyo maana suala hili lina pande mbili za kweli, na hata serikali za dunia hazijakubaliana.

Tuanze na sura yenyewe. Kwa mtoto aliyezaliwa karibuni, fuvu la ubongo ni kubwa kuliko uso kwa kama mara nane. Kwa mtu mzima ni mara mbili hivi. Miaka ya utotoni ni ya uso kulifuata fuvu: taya linashuka, daraja la pua linanyanyuka, mashavu yanapungua, na macho yaliyokuwa chini ya kichwa yanaonekana kama yamepanda. Kichwa chenyewe hutoka mzingo wa sentimita 35 hivi siku ya kuzaliwa hadi 46 hivi kwenye mwaka wa kwanza. Hakuna mwaka mwingine katika umri wa mtu unaobadilisha sura kwa kasi hiyo.

Pwani tunaongeza yetu juu ya hayo. Mtoto hunyolewa siku ya saba, kwa hivyo picha ya wiki za mwanzo humwonyesha ana kipara, na ya mwaka mmoja ina nywele za aina nyingine kabisa. Rangi ya kuzaliwa huwa nyeupe kuliko ile atakayokuwa nayo. Ndiyo sababu bibi humtazama mjukuu pembe za masikio ajue weusi wake. Halafu wanja. Wanja wa machoni tu hauharibu sana, lakini wanja wa nyusi humchorea mtoto nyusi asizokuwa nazo, nene na zilizonyooka, na nyusi ni kati ya vitu vya kwanza ambavyo jicho la mtu hushika katika uso. Picha ya pasipoti yenye nyusi za wanja ni picha ya mkono wa nyanya.

Sasa, afisa akifungua kitabu cha pasipoti na kuona kipara chenye nyusi za wanja, mbele yake amesimama mtoto wa miaka minne mwenye meno na nywele, anafanya nini? Kusema kweli, picha haimsaidii sana. Anaweza kusema "huenda ndiye", hawezi kusema "ndiye". Mashine nayo haimwokoi. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipopima programu za kutambua nyuso na kutoa ripoti mwaka 2019, ilionekana kwamba programu nyingi hukosea zaidi kwa watoto kwa kumpa mmoja sura ya mwingine. Milango ya kielektroniki ya viwanja vya ndege Uingereza haimpokei mtoto mdogo. Huyo hupelekwa kwa afisa mwenye macho. Na chipu iliyomo katika pasipoti ya kielektroniki, ambayo Kenya ilianza kuitoa mwaka 2017, haibadilishi hili: inathibitisha kwamba picha haikuchezewa, lakini picha ya miezi miwili isiyochezewa bado ni picha ya miezi miwili.

Hapo ndipo nchi zinapoachana njia.

Wapo wanaosema kukua ni kawaida, tusimsumbue mzazi. Marekani hutoa pasipoti ya miaka 5 kwa mtoto aliye chini ya miaka 16, na inasema wazi kwamba mabadiliko ya kukua kwa kawaida hayamlazimishi mzazi kuomba nyingine. Uingereza na India nazo hukaa kwenye miaka 5. Hoja yao ina uzito. Mtoto mchanga hasafiri peke yake. Anayekaguliwa hasa ni mtu mzima aliyembeba. Tena kila kitabu kipya kina nambari mpya, na viza au kibali cha ukaazi cha Ghuba mara nyingi kimefungwa kwenye nambari ya zamani, kwa hivyo picha mpya huleta msururu wa kuhamisha karatasi. Na kuna pesa. Kenya ilipopandisha ada mwaka 2024, kitabu cha kurasa 34 kilitoka shilingi 4,550 hadi 7,550, mbali na nauli ya kwenda na kurudi. Familia ya watoto wanne ikiambiwa ibadilishe vitabu kila baada ya miaka michache, wengine wataacha tu kusafiri.

Upande wa pili unasema hati isiyomtambulisha mwenyewe si hati. Italia, ambayo raia wake Malindi inawajua vizuri, humpa mtoto aliye chini ya miaka 3 kitabu cha miaka 3 tu. Kuanzia hapo hadi 18 ni miaka 5, na mtu mzima hupata 10. Ujerumani ni kali zaidi: sheria yake ya pasipoti inasema kitabu kisichowezesha kumtambua mwenyewe kimekufa, hata kama tarehe haijafika. Walikuwa na pasipoti ya watoto ambayo picha yake iliweza kusasishwa. Mwisho wake iliishi mwaka mmoja mmoja, kisha ikafutwa tarehe 1 Januari 2024. Wanaoshika upande huu hawawazii foleni, wanawaza mtoto aliyeibwa. Picha ya mchanga ambayo ingeweza kuwa ya mtoto yeyote ni mlango kwa mtu anayetaka kumvusha mtoto wa ndugu, au wa jirani, kwa kitabu cha mwanawe. Binamu wawili wanaopishana miezi sita, wote vipara na wote wametiwa wanja, huwezi kuwatenga kwa picha.

Kwa maoni yangu Italia imekaribia zaidi, kwa sababu imepunguza muda pale tu sura inapokimbia na kuulegeza pale inapotulia. Lakini hesabu yake ni nzito kuliko inavyosomeka. Nchi nyingi hudai kitabu kiwe na miezi 6 iliyobaki siku ya kuingia, kwa hivyo miaka 3 ni miwili na nusu ya kutumia. Mzazi aliyekata kitabu cha namna hiyo mtoto akiwa na miezi miwili, akasafiri kwa mara ya kwanza mtoto ana miezi 14, amepoteza mwaka mzima kabatini.

Na hapa ndipo mtoto wa miezi miwili anaporudi. Tuseme safari iko mtoto akiwa na miezi 14. Mkipiga picha leo, uwanjani mtaonyesha picha ambayo nywele, rangi, nyusi na umbo la pua vyote vimehama. Mkianza maombi miezi minne kabla ya safari, mtoto ana miezi 10: nywele zimerudi, rangi imeshaiva kwa sehemu kubwa, anakaa mwenyewe na anatazama kitu akiitwa. Kutoka 10 hadi 14 tofauti ni ndogo. Kitabu kikiwa cha miaka 5, akifika miaka minne bado picha itakuwa imemwacha, ila kidogo kuliko ile ya kipara. Mkiwa na haraka ya kweli, kama matibabu ya nje au baba anayengoja mahali pengine, kateni sasa na msijilaumu. Ila siku ya picha asitiwe wanja wa nyusi, na aliyetiwa jana aoshwe kwa mafuta kwanza, kwa kuwa kivuli chake hubaki.

Picha ya mtoto wa umri huo ina ugumu wake, na wapiga picha wengi huikosea kwa kuifanyia kama ya mtu mzima. Kipimo cha nchi nyingi ni milimita 35 kwa 45, uso wa mtu mzima ukiwa milimita 32 hadi 36 kutoka kidevu hadi utosi. Mchanga akikazwa katika kipimo hicho, kipaji cha uso hujaa na macho hushuka; Wajerumani kwa hilo huruhusu uso wa mtoto uanzie milimita 22. Uingereza nayo haimdai aliye chini ya mwaka mmoja afungue macho, wala aliye chini ya miaka 6 atazame kamera sawasawa. Someni masharti ya nchi inayotoa kitabu kabla ya kurudia picha mara kumi.

Mlazeni chali juu ya shuka jeupe lililopigwa pasi, karibu na mlango wa ua au dirisha pana, asubuhi kabla jua halijaingia ndani. Mwanga wa upande mmoja huacha kivuli cha shavu juu ya shuka, na kivuli hicho ni moja ya sababu kubwa za picha kukataliwa. Kitambaa cheupe kilichoshikwa upande wa pili hukifuta. Mpiga picha asimame juu yake, simu ikiwa mita moja au zaidi kutoka usoni, aikuze picha kwenye kioo cha simu badala ya kuinama. Simu ikiwa sentimita 30 tu, pua na kipaji huvimba na masikio hupotea nyuma, na masikio ndiyo mliyotaka yaonekane, kwa kuwa mikunjo ya sikio hubadilika kidogo wakati uso wote unahama. Mkono wa mama uliomshika kichwa usionekane, wala chuchu ya mpira. Wakati mzuri ni nusu saa baada ya kunyonya, ameshiba na hajalala.

Kitabu kikishatoka, kazi ya kumtambulisha hubaki kwa karatasi nyingine. Bebeni cheti halisi cha kuzaliwa, na kijitabu cha kliniki, ambacho si kitambulisho lakini kina jina, tarehe na uzito mwezi kwa mwezi. Mzazi asiyesafiri aandike barua ya ridhaa yenye nakala ya kitambulisho chake, maana picha ikimwacha afisa katika "huenda ndiye", swali linalofuata ni huyu mtu mzima amemchukua mtoto kwa idhini ya nani. Tena chapisheni picha moja ya mtoto kila miezi sita, tarehe nyuma yake, ya mwanzo ikiwa imepigwa siku ile ile ya picha ya pasipoti. Hazina nguvu ya kisheria. Ila afisa akizipanga nane mezani, anaona kipara kikiota nywele, pua ikinyanyuka na sikio likibaki lile lile, mpaka akafika kwa mtoto aliyesimama mbele yake.