Vinundu vya maharage vilivyonidanganya

Nilipong'oa shina la kwanza la maharage nikakuta mizizi imejaa uvimbe, nilifurahi. Kama wengi wetu, nilikuwa nimefundishwa kwamba mikunde ina vinundu mizizini, na ndani yake wamo bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Vinundu nilivyoviona siku ile vilikuwa vingi mno. Kipande hicho msimu uliotangulia kilikuwa na nyanya, nami nilikuwa nafuata ushauri unaotolewa kila mahali: ukivuna nyanya panda maharage, kisha rudi kwenye nyanya.

Nikarudi. Nyanya zilidumaa, zikawa zinalegea kila mchana hata siku niliyomwagilia asubuhi, na majani yakageuka njano kana kwamba sikuweka samadi. Nilipozing'oa nikakuta uvimbe ule ule niliousherehekea miezi michache nyuma. Havikuwa vinundu vya bakteria. Ilikuwa kazi ya minyoo fundo, minyoo wa udongoni wanaovimbisha mizizi, na mimi nilikuwa nimewalisha msimu mzima.

Tangu hapo nina ubishi na ushauri wa "badilisha nafaka au mboga na mikunde". Si kwamba ni uongo. Umekatwa katikati tu. Kubadilisha mazao kunafaa pale unapojua mambo mawili: zao hili linaacha nini ardhini, na nani atakosa chakula likiwepo. Maharage baada ya nyanya, kwenye shamba langu, yalishindwa maswali yote mawili.

Nianze na uvimbe wenyewe, maana kuutofautisha ni kazi ya dakika tano na kungeniokoa misimu miwili. Usivute shina kwa mkono, kwa sababu vinundu halisi hukatika na kubaki udongoni. Chimbua kwa jembe au uma wakati maharage yanaanza kutoa maua, kisha suuza mizizi taratibu kwenye ndoo ya maji. Kinundu cha bakteria kimekaa ubavuni mwa mzizi kama shanga iliyobandikwa. Ukikisukuma kwa kidole kinabanduka, na mzizi wenyewe unabaki mwembamba na mzima. Fundo la minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba. Huwezi kulibandua bila kuukata mzizi, na mafundo yakizidi mzizi mzima unaonekana kama tangawizi. Halafu pasua vinundu vyenyewe kwa ukucha. Vikiwa na rangi ya waridi au nyekundu ndani, bakteria wanafanya kazi. Vikiwa vyeupe au vya kijani, vipo kwa jina tu.

Sasa hiyo naitrojeni. Watu hudhani maharage yakiota tu, ardhi imerutubishwa. Tupige hesabu ya gunia moja la kilo 100 za maharage makavu. Protini ndani yake ni takriban kilo 22, na karibu asilimia 16 ya protini ni naitrojeni, kwa hiyo gunia limebeba naitrojeni kilo 3.5. Hiyo ni sawa na iliyomo katika kilo saba na nusu za urea, na imeondoka shambani. Mashina, majani na maganda yenye uzito kama huo yana kilo moja hivi. Jumla ni kilo 4.5, nikiiacha mizizi. Maharage ni mnasaji dhaifu kuliko wenzake wengi wa jamii ya mikunde, kwa hiyo tuseme sehemu mbili kati ya tano zilitoka hewani, yaani kilo 1.8. Kilo 2.7 zilizobaki zilinyonywa ardhini. Ukirudisha masalia yote, unarejesha kilo moja na ardhi inabaki na deni la kilo 1.7. Ukiyang'oa maharage na kuyapura nyumbani, kisha maganda yakachomwa au kupewa ng'ombe, deni ni kilo 2.7 zote.

Mtu ataniuliza: mbona basi mahindi yanayofuata maharage hustawi kuliko mahindi juu ya mahindi? Ni kweli hustawi, nami nimeyaona. Sababu moja ni kwamba mahindi huacha deni kubwa zaidi, kwa kuwa mavuno yake ni mengi na yote yanatoka ardhini. Ya pili ni mabua. Mabua yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo sana, hivyo vijidudu vinavyoyaozesha hulazimika kukopa naitrojeni ya udongo, na mmea mpya unabaki na njaa wiki kadhaa. Masalia ya maharage huoza haraka bila mkopo huo. Kwa hiyo maharage si mfadhili, ni mdeni mwenye nafuu. Kwangu hiyo ni tofauti kubwa, kwa sababu anayemwona mfadhili hapunguzi tu mbolea bali pia anachoma masalia bila wasiwasi.

Jambo jingine linalosahaulika: fosforasi na potasiamu hazitoki hewani. Hakuna mpangilio wa mazao utakaozitengeneza. Na fosforasi ikikosekana, au udongo ukiwa na tindikali kali, hata vinundu havifanyi kazi vizuri. Samadi au mbolea bado inahitajika, ila usimwage urea kwenye mikunde. Mmea unaopata naitrojeni ya bure mlangoni hauhangaiki kuwalisha bakteria.

Turudi kwa minyoo, maana hao ndio walionifanya niandike. Minyoo fundo hawaonekani kwa macho. Mtoto wake huingia kwenye ncha ya mzizi mchanga, hujenga makao, na jike akikomaa hutaga mayai kwa mamia. Kwenye udongo wenye joto mzunguko mzima huchukua takriban mwezi. Maharage hukaa shambani miezi mitatu, na kila mwezi ni kizazi kipya. Ndiyo maana nyanya zangu za pili ziliumia kuliko za kwanza. Nilidhani nimebadilisha zao, kumbe minyoo walibadilishiwa sahani tu. Bamia na bilinganya wangewakaribisha vilevile.

Ila wana udhaifu mmoja. Mtoto wa minyoo aliyeanguliwa anaishi kwa akiba aliyotoka nayo kwenye yai, na asipopata mzizi unaomfaa kwenye udongo wenye unyevu na joto, hufa. Mimea inayotufaa hapa ni ile ambayo hawawezi kukua ndani yake. Karanga hazifai kwa minyoo fundo wa kawaida wanaosumbua nyanya, ingawa ipo aina nyingine yao inayoshambulia karanga, kwa hiyo kagua mizizi yake pia. Marejea ni bora zaidi: minyoo wanaingia kwenye mizizi yake lakini hawakomai wakataga. Na marejea ni mkunde unaonasa naitrojeni vizuri, na kwa kuwa hatuvuni chochote, yote inabaki shambani. Ndiyo mfadhili niliyekuwa namtafuta kwa maharage.

Kipande changu ni kama robo ekari. Nilikigawa vipande vinne, na kila kipande kinafuata mfuatano mmoja: nyanya, marejea, mahindi, karanga, ndipo nyanya tena. Marejea huja mara baada ya nyanya kwa sababu hapo ndipo minyoo wamejaa. Nayapanda mazito ili yafunike magugu, nayakata yanapoanza kutoa maua, kabla mashina hayajawa magumu kama kuni, nayachanganya na udongo wa juu na kusubiri wiki mbili au tatu. Mahindi hufuata kwa kuwa ndiyo yenye njaa ya naitrojeni. Lakini mahindi yanaweza kuwahifadhi minyoo wachache bila kuonyesha mafundo yanayoonekana, kwa hiyo siyapandi jirani na zamu ya nyanya. Karanga zinakaa katikati. Majani yake hubaki papo hapo. Nang'oa, nachuma, natandaza.

Sitaficha gharama. Msimu wa marejea ni msimu usiokupa chakula wala fedha, na mwenye kipande kimoja kidogo ana haki ya kuguna. Maoni yangu ni kwamba usiyapande kila mahali. Yapeleke pale palipojaa minyoo zaidi, kwingine utosheke na karanga tu. Na usiruhusu mifugo kula mbegu zake, kwani aina nyingi za marejea zina sumu kwenye mbegu.

Kujua palipojaa minyoo hakuhitaji maabara. Wiki sita hivi kabla ya kuamua, chota udongo kutoka sehemu nane au kumi za kipande, kwa kina cha kiganja, changanya, jaza makopo matatu na upande mche mmoja wa nyanya katika kila kopo. Weka kopo la nne lenye udongo uliochemshwa au kuokwa ukapoa, uwe na kitu cha kulinganisha. Baada ya wiki tano au sita suuza mizizi. Ukikuta mafundo mawili matatu, unaweza kupanda na kupata kitu. Ukikuta mizizi imevimba kote, hapo nyanya zingoje.

Makosa yaliyobaki yalikuwa yangu mwenyewe. Msimu wa marejea niliuacha mnavu uote pembeni, na mnavu ni jamii ya nyanya. Minyoo walikula humo bila shida. Kisha miche nilikuwa naiotesha kwenye kitalu kile kile mwaka hadi mwaka, nikawa nawapeleka minyoo shambani kwa mikono yangu. Mnyoo mwenyewe hasafiri mbali kwa msimu. Jembe lenye tope, viatu na maji ya mfereji ndivyo vinavyombeba. Siku hizi nalima kipande cha nyanya mwisho, na jembe linasuguliwa kabla ya kuhamia kwingine.

Wala usitegemee mpangilio huu umzuie mdudu mwenye mabawa. Nondo wa viwavijeshi anaruka kilomita nyingi. Kuhamisha mahindi hatua thelathini ni kama kumhamishia meza chumba cha pili. Anayeguswa na mzunguko wa mazao ni yule aishiye udongoni na asiyeweza kuhama.

Msimu uliopita nilipima makopo ya vipande vyote vinne. Vitatu vilikuwa na mizizi myeupe, au na mafundo ya kuhesabika. Cha nne, kile cha chini ambako maji ya mvua hukusanyika yakitoka kwingine, kilivimba kama siku ya kwanza. Hapo nimepanda marejea mara ya pili mfululizo, na mnavu naung'oa kila Jumamosi.