Mkopo wa Yeni: Faida ya Mwaka, Hasara ya Mwezi

Kukopa fedha yenye riba ndogo ili kuwekeza katika fedha yenye riba kubwa ni biashara ambayo kwa miaka mingi imeendeshwa kwa yeni ya Japani. Mwanzoni mwa Julai 2024, dola moja ilikuwa takriban yeni 160. Tuseme mwekezaji alikopa yeni milioni 16 kwa riba ya asilimia 0.5, akapata dola 100,000, akaziweka katika hati za muda mfupi za serikali ya Marekani zilizolipa karibu asilimia 5.3. Baada ya mwaka angekuwa na dola 105,300 na deni la yeni 16,080,000, ambalo kwa kiwango kilekile ni dola 100,500. Faida yake ingekuwa dola 4,800.

Lakini deni ni la yeni. Dola ikishuka hadi yeni 152.7 hivi, faida yote ya mwaka huyeyuka. Wengi, tena, huweka mtaji mdogo wao wenyewe. Aliyeweka dola 10,000 tu kama dhamana ya biashara hiyo, kisha dola ikashuka hadi yeni 145 ndani ya mwezi mmoja, angepoteza takriban dola 10,300 kwenye ubadilishaji dhidi ya dola 400 za riba, yaani karibu mtaji wote.

Wanaoitetea biashara hii wana hoja nzito. Kinadharia yeni ilipaswa kupanda na kufuta pengo la riba, lakini mwanzoni mwa 2021 dola ilikuwa karibu yeni 103, na kuanzia hapo aliyekopa yeni alifaidika kwa njia mbili: pengo la riba na yeni kushuka thamani. Kujikinga kwa kununua yeni za baadaye kwa bei ya leo hakusaidii, kwa kuwa bei hiyo tayari imemeza pengo la riba; faida ni malipo ya kubeba hatari.

Tarehe 31 Julai 2024, Benki Kuu ya Japani ilipandisha riba hadi asilimia 0.25 tu. Siku mbili baadaye, takwimu za ajira za Marekani zilikuwa dhaifu, na matarajio ya riba ya huko kushuka yakaongezeka. Pengo lenyewe lilikuwa bado kubwa, hivyo naona si riba pekee iliyoleta kishindo, bali wingi wa waliosimama upande mmoja kwa fedha za mkopo. Yeni ilipopanda, madalali walidai dhamana zaidi. Walioshindwa kuilipa waliuza mali na kununua yeni, wakaipandisha tena na kuwabana waliobaki. Agosti 5, kipimo cha hisa za Japani cha Nikkei 225 kilianguka asilimia 12.4.

Kesho yake kilipanda zaidi ya asilimia 10, na Agosti 7 Naibu Gavana wa Benki Kuu ya Japani, Shinichi Uchida, akasema benki hiyo haitapandisha riba masoko yakiwa hayajatulia. Watetezi huona hapo ushahidi kwamba hofu ilipita haraka, lakini aliyekuwa na dhamana ndogo alikwisha kufungiwa biashara yake kwa bei ya Agosti 5, na kupanda huko hakukumrudishia kitu.