Mililita 100 za kiyeyushi: mara moja au mara nne?

Ukitaka kutoa dutu majini kwa kiyeyushi, hushauriwa ukimimine kwa mafungu badala ya chote kwa mkupuo. Wengi huuliza: "Kiyeyushi ni kilekile na kiasi ni kilekile. Kukigawa kunaongeza nini?"

Tuchukue gramu 1 ya dutu ndani ya mililita 100 za maji, na kiyeyushi kisichochanganyika na maji. Dutu huhama hadi ukolezi wake ndani ya kiyeyushi ugawanywe kwa ukolezi wake majini upate namba maalumu, yaani kigawo cha mgawanyo. Hapa tuseme ni 4.

Ukimimina mililita 100 kwa mkupuo, dutu inatulia ikiwa miligramu 800 kwenye kiyeyushi na 200 majini. Utikise hata saa nzima, hakuna kitakachoongezeka, kwa sababu uwiano umeshatimia. Ukimimina 25 tu, nusu inatoka: miligramu 500. Ziondoe hizo 25, kisha mimina 25 nyingine ambazo hazijabeba kitu, uwiano unaanza upya, na nusu ya kilichobaki inatoka pia. Baada ya mara nne majini zimebaki miligramu 62.5.

Siri iko kwenye mgao wa kwanza. Unaondoka na miligramu 20 katika kila mililita, ilhali mmimino mkubwa unaishia na 8 tu. Mgao mdogo hukutana na maji yakiwa bado na dutu nyingi, hivyo hubeba mzigo mzito zaidi.

Upande wa pili nao una hoja. Ukigawa mara kumi zinabaki takriban miligramu 35, na hata ukigawa bila kikomo hazishuki chini ya 18. Kwa hiyo mitikiso sita ya ziada inaokoa miligramu 28, na kila mtikiso una gharama yake: kutoa mvuke kwenye faneli ya kutenganishia, kungoja tabaka zitengane, matone yanayoganda kwenye kioo. Ukitikisa kwa nguvu mno, utando mzito kama maziwa hujitokeza katikati na kazi inasimama. Mimi huishia mara tatu au nne.

Pia kigawo chenyewe huamua kama kugawa kuna maana. Kikiwa 100, mmimino mmoja unatoa asilimia 99, na mgao wa pili unatosha kabisa. Kikiwa 0.1, mmoja unatoa asilimia 9.1 na minne 9.4, hapo kugawa ni jasho la bure. Afadhali ubadilishe kigawo chenyewe: kwa asidi dhaifu kama asidi ya benzoiki, ongeza asidi kali majini ili molekuli zake zisibaki kama ioni, maana ioni hung'ang'ania maji. Kwa dutu zisizo na chaji, chumvi nyingi majini husaidia kuzisukuma nje.

Kujua pa kukomea, weka tone la mgao wa mwisho kwenye kioo safi likauke. Likiacha doa, majini bado kuna kitu cha kuchukua.