Visa ya wahitimu au kibali cha kazi: saa mbili zinazokwenda pamoja

"Mwanangu anamaliza shahada ya uzamili Uingereza Septemba 2026. Kampuni aliyofanyia mazoezi imesema itamchukua. Wenzake wanamwambia achukue kwanza ile visa ya wahitimu ya miaka miwili, ya kampuni yatafuata baadaye. Mie niko Chake Chake, nimshauri vipi?"

Mzee wangu, kama kampuni hiyo ina leseni ya kufadhili wafanyakazi kutoka nje, na mshahara unafika kiwango, mwambie ahamie moja kwa moja kwenye kibali cha kazi. Kama kimoja kati ya hivyo viwili kinakosekana, visa ya wahitimu ndiyo njia yake, lakini aingie akijua inamla wapi.

Wenzake hawakosei kuisifu. Visa hiyo, iliyoanza Julai 2021, haimtaki mtu awe na mwajiri wala mshahara wa kiwango fulani. Anaweza kufanya kazi dukani leo, kesho ofisini, au kujiajiri mwenyewe. Akigombana na bosi anaondoka, na ukaazi wake hautikisiki. Kwa kijana asiye na ofa mkononi hiyo ni nafasi kubwa, na sitaki mtu aidharau. Gharama yake ni ada ya maombi, zaidi ya pauni 800, pamoja na ada ya afya ya pauni 1,035 kwa kila mwaka, na hiyo ya afya hulipwa yote mwanzoni.

Tatizo ni kwamba visa hiyo haiongezwi muda. Na wakati inakwenda, saa mbili zinahesabu, moja inamnyima na nyingine inamla.

Saa ya kwanza ni ya makazi ya kudumu. Miaka ya kibali cha kazi ndiyo inayohesabiwa, na ile ya visa ya wahitimu haimo. Kwa kanuni zilizozoeleka mtu wa kibali cha kazi alihitaji miaka 5, na serikali yao imetangaza nia ya kuifanya 10 kwa wengi. Iwe 5 au 10, mwaka alioutumia kwenye visa ya wahitimu ni mwaka ambao hesabu hiyo haijaanza.

Saa ya pili wengi hawaijui, na ndiyo inayowaumiza. Tangu Julai 2025 kiwango cha jumla cha mshahara wa kibali cha kazi ni pauni 41,700 kwa mwaka, au kiwango kilichowekwa kwa kazi husika, kile kilicho kikubwa. Mhitimu anayeanza kazi hupewa nafuu: anaweza kukubaliwa kwa pauni 33,400, ili mradi mshahara huo usipungue asilimia 70 ya kiwango cha kazi yake. Lakini nafuu hiyo ina ukomo wa miaka 4 kwa jumla, na muda wa visa ya wahitimu unahesabiwa ndani ya miaka hiyo. Anajiona anapumua, kumbe nafuu yake inaliwa.

Tuhesabu. Tuseme kampuni inamlipa mwanao pauni 35,000, na asilimia 70 ya kazi yake haizidi hapo. Akihama moja kwa moja, wanaweza kumwandikia cheti cha ufadhili cha miaka 3 na bado akabakiwa na mwaka mmoja wa nafuu. Akichukua kwanza visa ya wahitimu na kuimaliza yote miwili, nafuu iliyobaki ni miezi 24. Sasa ofisi ya rasilimali watu, kwa mazoea, inamwandikia cheti cha miezi 36 kwa pauni 35,000. Miezi 24 na 36 ni 60, na ukomo ni 48. Ombi hilo halitimizi masharti, na ada alizolipa zimo hatarini. Dawa yake ni cheti kuandikwa kwa miezi 24, au mshahara kupanda hadi kiwango kamili tangu mwanzo. Afisa asiyeshughulika sana na wahitimu anaweza asilione hili, kwa hiyo kijana mwenyewe afanye hesabu kabla cheti hakijatolewa.

Angalia pia kwamba kwa njia zote mbili, miaka 4 baada ya masomo atatakiwa alipwe kiwango kamili. Tofauti ni kwamba aliyehama mapema ana miaka 4 ya makazi kwenye hesabu, na mwenzake ana 2.

Upande wa mwajiri nao una sababu ya kumtaka ahame mapema. Anayemfadhili mfanyakazi kutoka nje hutozwa tozo ya ujuzi, ambayo tangu Desemba 2025 ni pauni 1,320 kwa mwaka kwa kampuni kubwa na 480 kwa ndogo. Mwanafunzi anayehama kutoka visa ya masomo kwenda kibali cha kazi akiwa huko huko Uingereza, mwajiri wake hatozwi. Anayetokea visa ya wahitimu anatozwa. Kwa kampuni kubwa na miaka 3, hiyo ni pauni 3,960. Hapo ndipo ile "ya kampuni yatafuata baadaye" inapogeuka: ofa iliyokuwa rahisi kwao leo inakuwa ghali baada ya miaka miwili. Na tozo hiyo sheria inakataza kumbebesha mfanyakazi, kwa hiyo akiombwa ailipe yeye, ajue kuna kasoro.

Sasa niwe mkweli kuhusu upande wa pili, maana ni mzito. Kibali cha kazi kinamfunga kwa mwajiri mmoja. Kazi ikikatika, mara nyingi hupewa siku 60 za kupata mfadhili mwingine, kuhamia visa nyingine au kuondoka. Kijana ambaye nyumbani wanangojea pesa kila mwezi huogopa siku hizo 60 kiasi cha kuvumilia unyonge asioustahili. Kama mwanao hakuwaamini watu wa kampuni hiyo alipokuwa kwenye mazoezi, uhuru wa visa ya wahitimu una thamani kuliko hesabu zangu zote, na asiuone ni woga.

Ikitokea ndiyo njia yake, tarehe ni muhimu sana. Atakayeomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027 na shahada ya uzamili atapewa miezi 18, si 24. Ombi hupelekwa akiwa ndani ya Uingereza, visa ya masomo ikiwa hai, na baada ya chuo kuiarifu wizara yao ya mambo ya ndani kwamba amefaulu. Matokeo yakichelewa hadi Desemba, dirisha lake ni jembamba, kwa hiyo akiulize chuo mapema ni siku gani watapeleka taarifa. Asije likizo Pemba ombi likiwa bado linashughulikiwa, kwani akitoka nchini linahesabiwa limeondolewa. Kibali cha kazi hakingoji matokeo namna hiyo: inatosha tarehe ya kuanza kazi iwe baada ya tarehe ya kumaliza kozi.

Na kama karo na matumizi yake yote vililipwa na serikali au shirika la kimataifa la ufadhili ndani ya miezi 12 iliyopita, atahitaji barua yao ya ridhaa kwa njia yoyote kati ya hizo mbili. Baadhi ya fedha hizo, kama Chevening, humtaka arudi nyumbani miaka miwili.

Wiki hii atafute jina la kampuni kwenye orodha ya GOV.UK iitwayo Register of licensed sponsors: workers, kisha awaulize msimbo wa kazi watakaoandika na mshahara wa msingi bila posho. Msimbo ndio utakaomwonyesha asilimia 70 ya kazi yake ni pauni ngapi.