Damu kwanza, deksamethasoni baadaye

Kama kuna jambo moja ningeomba libadilike katika vituo vyetu vya hapa Malindi na pembezoni mwake, ni wepesi wa kuchoma deksamethasoni. Mtoto akija anakohoa na pumzi zinambana, tunasema ni pumu, anadungwa sindano, anarudi nyumbani. Mara nyingi kweli ni pumu. Lakini yule aliyepauka, mwenye tezi shingoni, asiyeweza kulala chali kwa kukosa pumzi, asipewe steroidi kabla damu yake haijaingia kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, ile ya EDTA. Mimi ni mtu wa maabara, na msimamo wangu huu una sababu zake.

Tuchukue mfano wa mvulana wa miaka 10, uzito kilo 30. Eksirei inaonyesha uvimbe mkubwa katikati ya kifua. Seli nyeupe zimefika 180,000 kwa maikrolita, na kwenye slaidi karibu zote ni blasti, yaani seli changa. Darubini inatuambia hii ni lukemia kali, lakini aina yake haiitaji kwa uhakika. Hapo ndipo damu inaposafirishwa Mombasa au Nairobi kwa saitometria ya mtiririko: seli zinapakwa kingamwili zenye rangi, zinapita moja moja mbele ya leza, na mashine inasoma alama zilizong'aa. Blasti zikiwa zimejaa kwenye damu kama hivi, si lazima kusubiri uboho. Chupa isigandishwe, na ifike ndani ya siku moja au mbili.

Majibu ya kijana wetu: alama ya CD45 ni hafifu, kama kawaida ya blasti. CD19 haipo, kwa hiyo si ya seli B. MPO, alama ya seli za mieloidi, haipo. CD7 inang'aa sana, na mwenye haraka atasema basi, ni ya seli T. Asiseme bado, kwa maana CD7 huonekana pia kwenye baadhi ya lukemia za mieloidi. Inayokata shauri ni CD3, nayo kwenye blasti za T mara nyingi imejificha ndani ya seli, nje haionekani kabisa. Maabara isiyotoboa utando wa seli kabla ya kupaka rangi itaandika kwamba CD3 haipo, na daktari atabaki njia panda. Huyu CD3 ya ndani anayo, na TdT, alama ya limfosaiti changa, anayo. Ni lukemia ya limfoblasti ya T.

Sasa tuseme deksamethasoni ilitangulia juzi. Blasti za aina hii hufa kwa steroidi peke yake. Uvimbe unanywea, mama anasema, “Alhamdulillahi, jana kalala vizuri,” na kila mtu anafurahi. Huku maabara tunapokea seli chache, nyingi zimekufa, na seli mfu hunasa kingamwili ovyo, alama zikang'aa pasipo maana.

Na hizo zilizokufa zimemwaga vilivyokuwemo ndani yao. Potasiamu iliyokuwa 4.6 sasa ni 6.3. Fosfeti imepanda hadi 2.9, kwa kuwa limfoblasti hubeba fosfeti nyingi kuliko limfosaiti ya kawaida. Fosfeti inashikana na kalsiamu, nayo inashuka hadi 1.7; mtoto anasema midomo inamchonyota, na mkono unakakamaa ukifungwa kipimo cha presha. Vipande vya DNA vinageuka asidi ya yuriki, ambayo pamoja na kalsiamu fosfeti huziba figo. Watu husubiri haya baada ya kemo. Kwa huyu tiba ilianza siku ya sindano ile, ila hakuna aliyejua.

Angejulikana mapema, angewekewa dripu isiyo na potasiamu, kama lita 3 kwa siku kwa mwili wake, na mkojo ungepimwa ufike kama mililita 100 kwa saa. Alopurinoli ingeanza mapema, maana inazuia asidi mpya tu. Iliyokwisha kuzalika haiiondoi. Rasburikesi ndiyo inayoiondoa, lakini kwa mwenye upungufu wa G6PD huvunja seli nyekundu, na upungufu huo hapa pwani tunao mwingi. Kalsiamu ikishuka bila dalili, isiongezwe kwenye dripu. Itazidi kujikusanya na fosfeti kwenye figo.

Najua nitajibiwa: mtoto akikaribia kukata roho, je? Basi mpe steroidi, hakuna ubishi. Ila sindano hiyo hupitia mshipani, na kwenye mshipa huohuo mililita chache za damu zinatoka kabla dawa haijaingia. Ivute taratibu, usiitikise chupa: blasti nyingi hivi hupasuka zenyewe, zikakupa potasiamu ya juu ambayo mtoto hana. ECG ikiwa safi, rudia kipimo kabla ya kuanza kumtibu namba.