Ndala Ndani ya Tanki

Julai ya Mbeya huijui mpaka usikie maji yakidondoka saa tisa usiku. Umejikunja chini ya mablanketi mawili, pua imekuwa baridi kama ya mbwa, halafu nje ya dirisha: to! Kimya. To! Kimya. To! Kila tone linapiga juu ya kipande cha bati, na kila tone ni langu, nimeshalilipia.

“Unahesabu nini?” akauliza mama watoto.

“Hela.”

“Hesabu kimya kimya basi.”

Kesho yake jioni nikatega kidumu cha lita 5 chini ya bomba la kutokea kwenye tanki. Asubuhi nakuta kimejaa, kinamwagika. Saa kumi na mbili tu hizo! Nikapiga hesabu nikiwa nimesimama na kandambili kwenye umande: lita 10 kwa siku, lita 300 kwa mwezi. Ndoo 15 kubwa ninaoshea mchanga. Na huku kwetu chini ya mlima Loleza maji yanakuja kwa zamu, ukiyapata unayatazama kwa heshima kama mkwe.

Sasa ukiwa na tanki linalovuja, mtaa mzima unakuwa mafundi. Jirani wa kwanza akasema paka sabuni ya kipande. Nikapaka, likakauka, nikampigia simu shemeji kumtangazia ushindi. Mpaka jioni sabuni ilishalainika ikadondoka, na to! ikarudi. Wa pili akasema silikoni. Nikanunua, nikamimina pale nje kama napamba keki ya harusi. Siku ya tatu nikaivuta kwa kidole, ikabanduka nzima kama ganda la yai. Plastiki ya tanki haishiki silikoni, wala gundi za dukani. Ina utelezi wake, kama mdaiwa. Halafu ukuta wenyewe ulikuwa na maji wakati napaka, kwa hiyo hata ingekuwa inashika, ingeshika nini?

Mimi mwenyewe nikaona akili ni tepu nyeupe. Tone lilikuwa linadondokea kwenye elbo, kwa hiyo nikaizungushia elbo tepu mpaka ikawa kama mguu uliovunjika. Wiki nzima ninaitibu elbo isiyoumwa! Maji yana tabia ya kutembea: yanatokea mahali pengine, yanajibanza chini ya bomba, yanafuata mteremko, yakifika kwenye kona ndiyo yanaanguka. Wewe unalaumu kona.

Aliyenifumbua macho ni binti yangu wa darasa la sita. Akafuta kila kitu kwa kitambaa mpaka kikauke, akachukua karatasi ya chooni, akazungushia vipande vitatu: kimoja pale nati ya konekta inapogusa ukuta wa tanki, kimoja pale bomba linapoingia kwenye konekta, kimoja kwenye elbo. Tukakaa na chai tukingoja. Karatasi ya kwenye nati ikaloa kabla hata chai haijapoa, zile mbili nyingine kavu. Kama ingeloa ile ya kati, tepu ingekuwa dawa, maana pale bomba limefungwa kwa meno. Lakini maji yakitokea chini ya nati, basi washa ya ndani, ile raba ya duara, ndiyo imechoka, na ukizungushia tepu huko nje ni kumvisha mgonjwa wa tumbo skafu.

Washa ya ndani. Neno “ndani” ndilo lililoniumiza. Konekta ya tanki ina kofia pana inayokaa upande wa maji, shingo yake inapita kwenye tundu, halafu nati inakazwa kwa nje. Raba inakaa kati ya kofia na ukuta, huko huko ndani, ili maji yazuiwe kabla hayajafika kwenye tundu. Ukiiweka nje tu, maji yanapita tunduni, yanafuata meno ya shingo, yanatokea mbele ya nati yakikucheka. Kwa hiyo lazima mtu aingie. Na ili mtu aingie, lazima maji yatoke.

Tanki lenyewe la lita 1000, limejaa mpaka shingoni kwa sababu zamu ilikuwa juzi tu. Konekta iko chini kabisa, kwa hiyo huwezi kusema unapunguza kidogo. Ndoo 50! Tulijaza ndoo, madumu, beseni, sufuria za sherehe, mpaka pipa la pumba. Bado maji yapo. Nikaita majirani. Jamani, sijawahi kupendwa hivyo. Watu ambao hawajanisalimia tangu mwaka jana wakaja na madumu wakisema ndaga, ndaga, Mungu akuzidishie. Akuzidishie nini, matone?

Kuingia, mimi siwezi. Nililijaribu lile tundu la juu kwa kipimo cha macho, mama watoto akaniambia hata nisijaribu, atacheka. Akaitwa mpwa wangu, yuko likizo, mwembamba kama fito. Akavua soksi, akazama. Sauti yake ikaanza kutoka kama ya mhubiri kwenye spika mbovu.

“Mjomba, huku ni friji!”

“Vumilia. Chota tope hilo kwa kikombe.”

Maana hata ukifungulia mpaka mwisho, chini ya tundu la konekta panabaki kidimbwi. Akachota tope jekundu, akapata kijiko chetu cha chai kilichopotea na kikombe cha plastiki ambacho tulimsingizia mtoto wa jirani. Samahani yake nitaipeleka siku nyingine. Fundi mmoja aliyekuwa anapita akataka kumpa gundi ya mabomba aipake humo ndani kwa usalama zaidi. Nikakataa. Mtoto yuko ndani ya pipa lenye tundu moja la kupumulia, ile harufu ingemlaza humo humo, na mimi ningemwambia nini dada yangu? Hiyo kazi ni ya raba, haihitaji gundi.

Nikafungua yunioni, nikaondoa bomba. Mpwa akashika kofia kwa ndani isizunguke, mimi nje nikalegeza nati. Ikatoka. Halafu kukawa kimya humo ndani.

“Mjomba, hii washa ina alama za kisigino.”

Ndugu zangu, ilikuwa ndala. Fundi wangu wa miaka minne iliyopita, niliyemlisha wali wa Kyela na nyama, alikata washa kwenye ndala ya bluu! Na siku za mwanzo haikuvuja, ndiyo maana nilimsifia mtaani. Sponji ya ndala inajibana vizuri ikiwa mpya, ila ikishakandamizwa muda mrefu inabaki bapa hivyo hivyo, hairudi kusukuma. Raba yenyewe inasukuma kila siku. Hii ilikuwa imekuwa nyembamba kama karatasi upande wa juu, ule wa chini bado mnene.

Upande mmoja tu, kwa nini? Hilo nikaliweka kiporo.

Nikachukua rula ya binti, nikapima shingo ya konekta kwa nje ya meno: milimita 26. Inchi ni milimita 25 na pointi. Nikasema hiyo ni inchi moja na chenji. Bajaji mpaka Mwanjelwa, washa ya inchi moja, bajaji kurudi. Mpwa akaivalisha: ikaanguka yenyewe. Inacheza kama bangili ya bibi kwenye mkono wa mtoto. Bajaji tena Mwanjelwa.

Mzee wa dukani hakunicheka, alinihurumia, ambayo ni mbaya zaidi. “Baba, inchi ya bomba si inchi ya rula. Zamani walikuwa wanataja uwazi wa ndani wa bomba la chuma, majina yakabaki. Meno yakipimwa kwa nje milimita 26, hiyo ni robo tatu. Ya inchi moja kwa nje ni milimita 33. Siku nyingine usilete kipimo, leta kitu chenyewe.” Nikamwekea ndala mezani. Akaiangalia muda mrefu, hakusema neno, akanipa raba nyeusi ya robo tatu, nene milimita 3 hivi. Nauli za siku ile zingeninunulia washa za ukoo mzima.

Kabla ya kuivalisha, mpwa akapitisha kidole kwenye tundu akasema lina makovu. Yule yule mla wali alilitoboa kwa chuma cha moto, plastiki ikayeyuka ikaacha vigongo ukingoni. Raba haiwezi kulala juu ya vigongo. Tukavikwangua kwa kisu, tukamalizia na msasa mpaka ukingo ukawa laini, tukafuta vumbi. Raba ikavaa shingo, ikasogea mpaka kwenye kofia, konekta ikapita tunduni kutoka ndani, mimi nikapokea na nati.

Hapa ndipo hasira za wiki tatu zilitaka kushuka mkononi. Nati ilikaza kwa vidole, nikaweka spana, nikazungusha robo, nikaanza kuikaba zaidi nikimfikiria fundi. Mpwa akapiga kelele: “Mjomba, raba inatoka ulimi!” Ukikaza kupita kiasi inachomoka upande mmoja, au konekta ya plastiki inapasuka kabisa. Nikalegeza, akairudisha katikati, nikakaza kwa vidole mpaka mwisho na robo mzunguko kwa spana, basi. Safari hii raba ikachungulia kidogo sawa sawa kuzunguka kofia yote. Bomba likarudi, meno yake ya kuingilia kwenye konekta nikayazungushia tepu, maana hapo ndipo mahali pake.

Nikataka kujaza. Mama watoto akanizuia: “Weka ndoo mbili tatu kwanza maji yapite juu ya konekta. Kikivuja, utaita tena majirani?” Tukafunga koki, tukamwaga humo ndoo nne, binti akarudisha karatasi zake. Nusu saa, kavu. Tukaongeza mpaka nusu tanki, kwa sababu maji yakipanda yanasukuma zaidi na kinachovumilia ndoo nne kinaweza kisivumilie 50. Kavu. Nikalala usiku huo kama mtu aliyelipwa madeni.

Asubuhi nikatoka kwenda kuliangalia tanki langu, nikakutana na ile kiporo. Kamba ya kuanikia nguo. Upande mmoja imefungwa kwenye mparachichi, upande wa pili imefungwa wapi? Kwenye bomba langu, sentimita chache kutoka kwenye konekta! Na juu yake yananing'inia mablanketi mawili mabichi, yanachuruzika, bomba limeinama kama punda wa Chunya. Miaka minne kila Jumamosi linavutwa kwenda chini, ndiyo maana ndala ilibonyea upande mmoja.

“Nani alifunga kamba hapa?”

“Wewe,” akasema mama watoto. “Ulisema bomba ni imara kuliko nguzo.”

Nimechimbia nguzo, nimeweka na matofali mawili chini ya bomba lisining'inie. Karatasi bado kavu, leo siku ya tisa. Jana jioni jirani kapita na madumu mawili matupu, kasimama getini, kaniuliza kwa upole kabisa: “Mzee mwenzangu, lile tanki unalitengeneza tena lini?”